Fundi, Nipime Nikiwa Nimekaa

Kaa kwenye kiti, kisha peleka mkono nyuma ya kiuno chako. Kama umevaa suruali ya kawaida, mkanda wake umeshuka, na vidole vyako vinagusa mahali ambapo muda mfupi uliopita palikuwa pamefunikwa. Sasa leta mkono mbele, chini ya kitovu. Hapo kitambaa kimejikusanya na kuwa mkunjo mnene unaolisukuma tumbo. Tazama miguuni: pindo lililokuwa likigusa kiatu limepanda, na soksi inaonekana.

Anayetembea huvumilia mambo haya kwa sababu baada ya muda atasimama, atajivuta suruali, na kila kitu kitarudi mahali pake. Anayetumia kiti mwendo hana nafasi hiyo. Anakaa juu ya mkunjo uleule tangu asubuhi hadi jioni, mgongo wake wa chini uko wazi kwa kila anayepita nyuma yake, na kama uti wa mgongo umeumia, huenda mkunjo huo unamchubua bila yeye kuhisi chochote.

Chanzo chake ni kimoja. Nguo karibu zote, za dukani na za kwa fundi, hukatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima. Mwili uliosimama ni mstari mmoja kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Mwili uliokaa umepinda mara mbili, kwenye nyonga na kwenye magoti. Nje ya kila pindo la mwili ngozi hutanuka na kuhitaji kitambaa zaidi: kwenye makalio, na mbele ya magoti. Ndani ya kila pindo kitambaa huzidi na kukosa pa kwenda: kwenye kinena, na nyuma ya magoti. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini kununua suruali kubwa zaidi hakusaidii. Suruali kubwa huongeza kitambaa kila mahali, hata pale kilipokuwa tayari kimezidi.

Mbunifu wa Kanada, Izzy Camilleri, aliligundua jambo hili alipoanza kumshonea mwandishi wa habari Barbara Turnbull wa Toronto, aliyekuwa amepooza kwa kupigwa risasi. Mwaka 2009 alianzisha chapa ya nguo zinazokatwa tangu mwanzo kwa umbo la herufi L, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Royal Ontario lilizionyesha pamoja na mavazi ya kale yaliyokatwa kwa watu wa kukaa. Nguo za namna hiyo sasa zinauzwa Ulaya na Amerika, lakini bei yake na gharama ya kuzisafirisha huziweka mbali na watu wengi wa kwetu. Sisi tuna kitu ambacho mkazi wa Toronto hukipata kwa shida: fundi cherehani kila mtaa, aliyezoea kumkatia mtu mmoja nguo moja. Kinachokosekana ni vipimo sahihi, kwa sababu fundi huyo alifundishwa kumpima mtu aliyesimama, na anapomwona mteja kwenye kiti mwendo mara nyingi humwambia, “Dada, niletee tu nguo yako inayokutosha nichukue vipimo humo.” Nguo hiyo nayo ilikatwa kwa aliyesimama, na kasoro zake zote huhamia kwenye mpya.

Nitaeleza suruali kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayosumbua zaidi, na anayeiweza suruali hawezi kushindwa na gauni.

Tuseme mteja ni kijana aliyeumia uti wa mgongo, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, na anataka kadeti ya kuvaa kazini. Mafundi wengi hupima kwa inchi. Hapa natumia sentimita, na futi ya fundi huwa na zote mbili. Kijana apimwe akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, juu ya mto wake mwenyewe wa kukalia. Akihamishiwa kwenye kochi au benchi la dukani, nyonga zitalala tofauti na vipimo vitadanganya. Kiuno kipimwe akiwa anapumua kawaida, bila kubana tumbo. Tuseme akiwa amelala kitandani kiuno chake ni sentimita 84. Akikaa kitakuwa 88, kwa kuwa tumbo husukumwa mbele na pembeni. Hipsi zake zinatoka 98 na kufika 104, kwa kuwa nyama za makalio hutandazwa na uzito. Vipimo vya kukatia ni vile vya kukaa.

Kipimo kigumu ni kile cha kutoka kiunoni nyuma, kupita chini ya makalio, hadi kiunoni mbele. Mtu asiyeweza kujiinua hawezi kupimwa hapo kwa futi bila kusumbuliwa. Kuna njia ya kulizunguka tatizo hili. Mfunge lastiki nyembamba kiunoni, pale anapotaka suruali ikae. Akiwa amevaa suruali yake ya kila siku, pima nyuma, katikati ya mgongo, kutoka ukingo wa juu wa suruali hadi kwenye lastiki. Pengo hilo ndilo upungufu wa nyuma. Tuseme ni sentimita 7, na kwa watu wengi huwa kati ya 5 na 8. Kisha nenda mbele. Ushike ule mkunjo wa chini ya tumbo kwa vidole viwili, uubane mpaka kitambaa kilichobaki kilale vizuri, na upime ulichokibana. Ukipata sentimita 2, ujue kitambaa kilichozidi ni 4, kwa sababu umekishika kikiwa kimekunjwa mara mbili.

Sasa fundi ana namba mbili anazohitaji: ongeza 7 nyuma, punguza 4 mbele. Zitumike kwenye karatasi ya mfano iliyochorwa kutokana na suruali ileile ya zamani, baada ya kupanuliwa kiuno na hipsi. Kwenye kipande cha nyuma, chora mstari wa mlalo kwenye usawa wa hipsi, kutoka mshono wa katikati ya makalio hadi mshono wa ubavuni. Kata mstari huo kwa mkasi, uishie kabla kidogo ya ubavu ili karatasi isitengane. Ifungue katikati ya nyuma kwa sentimita 7, huku ubavuni pakibaki palepale, na uzibe pengo hilo kwa kipande cha karatasi. Kwenye kipande cha mbele fanya kinyume chake: kata mstari kama ule, kisha upandishe karatasi juu ya mwenzake kwa sentimita 4 katikati na sifuri ubavuni. Nyoosha mistari iliyovunjika kwa penseli. Mishono ya ubavuni itakuwa imebaki na urefu uleule mbele na nyuma, kwa hiyo vipande vitaungana bila kuvutana.

Fundi mwenye haraka atashawishika kuongeza mkanda mpana nyuma na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Suruali hiyo itafunika mgongo, lakini kitambaa cha ziada kitakuwa kiunoni badala ya kuwa kwenye makalio yanakotanuka, na ule mkunjo wa mbele hautaondoka. Mteja akiinama kuokota kitu, mkanda utashuka tena.

Urefu wa mguu upimwe kutoka kiunoni ubavuni, futi ilale juu ya ubavu wa paja, ipite nje ya goti na kushuka hadi kisiginoni, mguu ukiwa umekanyaga pale pa kuwekea miguu. Kijana wetu ambaye angepimwa 102 akiwa amenyooshwa kitandani atapata 107 hivi akiwa amekaa. Pindo liishie juu ya kiatu, lifunike kifundo cha mguu, na libaki sentimita 2 hivi juu ya soli. Likishuka chini ya hapo hukanyagwa na magurudumu madogo ya mbele. Likipanda sana, muundi hubaki wazi, na mguu usiohisi unaweza kuungua kwenye injini ya bodaboda au kukwaruzwa na mlango bila mwenyewe kujua hadi aone damu. Magotini, achana na suruali inayobana. Mguu ulionyooka, usiobana wala kupwaya, huacha kitambaa kichache nyuma ya goti. Fundi hodari anaweza kushona mikunjo midogo miwili pembeni mwa goti kwa mbele, ili suruali ipinde pamoja na mguu.

Yapo mambo mengine mawili ambayo kwa mteja huyu ni ya afya kabla ya kuwa ya mtindo. La kwanza ni mifuko ya nyuma. Iondolewe kabisa, pamoja na vifungo vyake, vibandiko vya ngozi vyenye jina la kampuni na vile vyuma vidogo vya jinzi. La pili ni mishono. Jinzi hushonwa kwa kukunja kitambaa mara mbili na kupiga nyuzi mbili, na pale chini mishono minne inapokutana panakuwa na donge gumu. Mtu anapokaa, uzito wake hubebwa hasa na mifupa miwili ya chini ya makalio, na akiteleza mbele hubebwa na mfupa wa mkia. Donge la mshono likikaa kati ya mfupa na mto, damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa, na ngozi huanza kufa. Ndiyo chanzo kimojawapo cha vidonda vya mgandamizo, ambavyo huweza kuchimba hadi kwenye mfupa na kumweka mtu kitandani kwa miezi. Mwombe fundi apige mshono mmoja tu, aufungue kwa pasi ulale tambarare pande zote mbili, na kingo zipitishwe ovaloki nyembamba.

Siku ya kwanza ya nguo mpya, ivaliwe saa moja au mbili tu, kisha ngozi ikaguliwe kwa kioo cha mkononi au na mtu wa nyumbani. Alama ya mshono ikitoweka ndani ya nusu saa, hapana neno. Ikibaki, nguo hiyo isikaliwe tena mpaka irekebishwe. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta mahali palipoiva kuliko pengine au penye rangi ya zambarau, kisha paguse kwa nyuma ya vidole: penye joto zaidi, pagumu au palaini kuliko ngozi ya jirani, ni dalili. Ngozi ikiwa imechubuka au kutoa malengelenge, asiendelee kukalia sehemu hiyo, na aende kituo cha afya.

Mkunjo wa kitambaa hufanya kazi ileile mbaya ya mshono, na hapa ndipo uchaguzi wa kitambaa unapoingia. Kitambaa hujikusanya kwa sababu mtu aliyekaa hayuko tuli. Anaposukuma magurudumu mwili huenda mbele na nyuma, na kitambaa kilichonaswa kati yake na mto husogea kidogo kila mara bila kurudi. Vitambaa vyepesi vya fulana ni vibaya zaidi, kwa sababu hushikwa na jasho, hunata kwenye ngozi, kisha hujiviringisha. Kitambaa kizito kiasi, kilichofumwa kwa karibu, kama kile cha kadeti nzuri ya pamba chenye mvutiko kidogo, hutulia palipo na mwili. Mvutiko mdogo wa asilimia 2 au 3 unatosha. Ule mwingi wa nguo za mazoezi humruhusu mtu kupinda, lakini nyingi ya nguo hizo ni za poliesta, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huacha ngozi imelowa. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko iliyokavu.

Dukani unaweza kukijaribu kitambaa kabla ya kulipa. Kibane ngumini ukihesabu hadi 10, kisha ukiachie. Kikibaki na makunyanzi makali, kitabaki nayo chini ya makalio pia. Halafu weka mikunjo miwili ya kitambaa juu ya meza, ibonyeze kwa kiganja na usukume mbele na nyuma. Kikijiviringisha chini ya mkono, kiache. Satini na vitambaa vingine vinavyoteleza vina sifa yao: huyafanya mahamisho kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kuwa mepesi. Lakini mtu mwenye kiwiliwili kisicho na nguvu huteleza mbele polepole akivivaa, na kuteleza huko huburuta ngozi ya mfupa wa mkia. Kwa mtu wa namna hiyo, satini ibaki kwenye mabega na mikono, siyo chini ya makalio. Kitenge kipya nacho kina wanga na nta, kwa hiyo kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kikifuliwa baada ya kushonwa, hurudi, na sentimita 7 ulizozihangaikia zitapungua.

Kwa gauni na sketi, shida kubwa iko kwenye pindo. Gauni lililosawazishwa mtu akiwa wima, akikaa hupanda mbele kwa sababu magoti hulisukuma, na nyuma hushuka karibu na magurudumu. Sketi inayofika magotini kwa aliyesimama inaweza kufika katikati ya mapaja kwa aliyekaa. Kwa hiyo kipande cha mbele kiongezwe urefu, mara nyingi sentimita 8 hadi 10 katikati, kikipungua kuelekea ubavuni, na cha nyuma kipunguzwe. Asikadirie kwa macho. Avalishwe gauni bado halijapindwa, akae kwenye kiti, kisha fundi achukue rula na chaki na kuzunguka akiweka alama kwa urefu mmoja kutoka pale pa kuwekea miguu, tuseme sentimita 5. Likitandikwa mezani baadaye, pindo hilo litaonekana limepinda vibaya. Litaonekana limenyooka pale linapovaliwa, na hapo ndipo linapohitajika.

Upana una hatari yake. Dera ni vazi ninalolipenda, lakini dera la kawaida kwenye kiti mwendo kisicho na kinga za pembeni ni jambo la kuogopa. Kitambaa chake kipana hudondoka kati ya paja na gurudumu, huingia kwenye spoku, na gurudumu likizunguka hukivuta mpaka nguo ichanike au kiti kisimame ghafla na kumtupa mtu mbele. Ncha za mtandio na mikanda mirefu ya kufungia kiunoni zinaweza kufanya vivyo hivyo. Anayetaka dera amwambie fundi apunguze upana kuanzia hipsi kwenda chini. Kwa magoti yaliyokaa pamoja, mzunguko wa pindo wa sentimita 140 hivi unatosha kufunika miguu na kuipa nafasi ya kuinuliwa. Mabega na mikono iachwe mipana kama kawaida, maana hapo ndipo sura ya dera ilipo. Na mtandio uchomekwe au ubanwe kwa pini begani, zisibaki ncha zinazoning’inia.

Kanzu inatatulika vizuri kuliko vazi lolote. Kipande cha mbele kiachwe kirefu hadi kifundoni, kilichopimwa kwa kukaa. Cha nyuma kikatwe kiishie pale mgongo unapokutana na mto. Chini yake suruali nyepesi iliyokatwa kama nilivyoeleza husitiri yote. Msikitini au harusini, kwa anayemtazama kutoka mbele na ubavuni, mtu huyo amevaa kanzu kamili, na hakuna kitambaa chochote cha kanzu alichokikalia.

Mashati nitayapita haraka. Mgongo wa shati uishie kwenye mto, siyo chini yake, na mbele liwe fupi zaidi, liishie pajani. Kaunda suti, kwa kuwa huvaliwa juu ya suruali bila kuchomekwa, ni rafiki mkubwa wa mtu wa kiti, mradi koti lake likatwe kwa urefu huo. Anayejisukuma mwenyewe anahitaji nafasi kati ya mabega. Marinda mawili mgongoni, kila moja la sentimita 3 au 4, hufunguka anapopeleka mikono mbele. Mikono ya shati iishie juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mirefu husugua magurudumu, na msimu wa masika tope lake halitoki.

Vifungo vinategemea vidole vya mtu, kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe: nani anakuvalisha, na mkono upi una nguvu? Aliyeumia shingoni huenda hawezi kubana kitu kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliyepata kiharusi ana mkono mmoja. Aliyeumia chini ya kifua ana vidole vizima, na kwake vishikizo vya shati si tatizo hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba huvaa suruali akiwa amelala kitandani, akigeuka upande huu na huu, hivyo anahitaji kiuno kinachofunguka sana. Kwake, lastiki pana ya sentimita 3 au 4 iwekwe nyuma peke yake, na mbele pawe tambarare. Zipu ya mbele ishuke chini kuliko kawaida, kwa ajili ya anayetumia mpira wa mkojo. Kama mfuko wa mkojo umefungwa mguuni, kipenyo kidogo chenye zipu ndani ya mguu karibu na kifundo humwezesha kuumwaga bila kuvua chochote.

Zipu ya mgongoni kwenye gauni ifutwe kwenye mawazo. Hafikii, na chuma chake hubanwa kati ya mgongo na egemeo la kiti siku nzima. Ihamishwe mbele, au ubavuni kuanzia kwapani hadi kwenye hipsi, upande wa kinyume na mkono wenye nguvu, maana mkono huvuka kifua kwa urahisi kuliko kujipinda hadi kwenye kwapa lake. Kwa vidole dhaifu, ifungwe pete ya sentimita 2 au 3 kwenye kivutio cha zipu. Kidole kimoja kikipita ndani yake, kinatosha.

Velkro hupatikana kariakoo zetu zote, na kwa shati la ofisini kuna ufundi mzuri: shati lifungwe kwa vipande vidogo vya velkro kwa ndani, na vishikizo vishonwe juu yake kama pambo. Upande laini uelekee mwilini, na ule wenye meno utazame nje, ili usikwaruze kifua. Ifungwe kabla ya kufuliwa. Ikiachwa wazi huchuna nguo nyingine na kujaa nyuzi, kisha hushindwa kushika. Ikijaa, chukua sindano au mswaki mkavu na uzitoe. Vifungo vya sumaku ni rahisi zaidi kwa mkono, lakini visiwekwe kifuani kwa mtu aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Tahadhari hiyo inawahusu pia waliowekewa mpira wa kutoa maji kichwani wenye kirekebisho cha sumaku, wakiwemo baadhi ya waliozaliwa na mgongo wazi. Waulize daktari kwanza.

Siku ya kujaribu nguo, mteja asikae tu kama anayepigwa picha. Ajisukume hatua kadhaa, ainame hadi miguuni, ageuke nyuma, ahamie kwenye benchi na kurudi kitini. Kisha fundi achuchumae ubavuni mwake na kutazama mkanda wa suruali: ukiwa umelala sawa mbele na nyuma, kazi imekwisha. Ukishuka nyuma, bado sentimita hazijatosha. Ukipanda nyuma na kuacha uwazi mgongoni, zimezidi, au kiuno ni kipana.

Na kwa asiye na fedha ya kitambaa kipya, suruali ya mitumba inafanyika. Chagua iliyo pana hipsi, fumua mifuko ya nyuma, kisha kata nyuma kwenye usawa wa hipsi kutoka mshono mmoja wa ubavuni hadi mwingine. Ingiza hapo kipande cha kitambaa chenye rangi inayokaribiana, kilichokatwa kwa umbo la jani: kipana sentimita 7 katikati, kikichongoka na kuisha ubavuni. Kata juu vya kutosha, ili mishono miwili ya kipande hicho iangukie juu ya mto na kuegemea mgongo wa kiti badala ya kukaliwa. Shati likishuka juu yake, kipande hakionekani. Mbele, ukingo wa kiuno ufumuliwe na ushushwe sentimita 4 katikati. Mkanda wa kitambaa uliofumuliwa nyuma unaweza kurudishwa na lastiki ndani yake, na kile kitambaa cha mifuko iliyotolewa kinatosha kushona mfuko mmoja juu ya paja, wenye zipu mdomoni, ambao simu haitadondoka wakati wa kusukuma.